Karo ya dola, mshahara wa shilingi

Wazazi wangu wa Kisumu, na nyinyi mliotoka Busia na Kakamega asubuhi yote hii, asanteni. Mama pale mbele ameniuliza kama angoje dola ishuke ndio alipe karo ya mtoto Amerika. Mama, angalia tu yaliyotokea juzi. Mwaka 2023 ulianza dola ikiwa karibu 123, wenye walingoja wakaiona ikipanda hadi karibu 160 Januari 2024, halafu Februari serikali ikapata pesa za kulipa ile Eurobondi, mkopo wa nje wa dola bilioni 2 uliokuwa unaiva Juni, hofu ikapungua, na kufika mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu 132. Kwa karo ya dola 9,000 hiyo ya Januari na Machi ni tofauti ya kama shilingi 252,000, na hakuna mtu hapa Kisumu angejua siku yenyewe.

Kwa hivyo mimi nasema usibahatishe. Invoisi ikifika mapema fungua akaunti ya dola, nunua 3,000 mwezi huu, 3,000 mwezi ujao, na za mwisho kabla ya dedilaini. Hutapata reti nzuri kuliko zote lakini pia hutabebwa na ile mbaya kabisa. Usinunue tu kupita karo, kwa sababu ukirudisha dola kwa benki watazinunua kwa bei ya chini na utaumia.

Sasa reti yenyewe. Watu wengi wanauliza "kutuma ni pesa ngapi?" wanaambiwa elfu tatu, wanafurahi, na pesa kubwa inaendea kwa reti. Tuseme Benki Kuu inaonyesha 129.20, benki yako inakuuzia kwa 132.70. Hiyo ni bob 3.50 kwa kila dola, mara 9,000 ni shilingi 31,500. Benki ya pili inakupa 130.60, unakatwa 12,600. Piga simu benki mbili tatu siku hiyo hiyo, uliza reti ya kuuza dola, waambie ni dola ngapi, na uombe wapunguze, kwa kiasi kama hicho mara nyingi wanapunguza.

Kwa fomu ya kutuma kuna mahali pa OUR, SHA au BEN, yaani gharama analipa nani: wewe, mnagawana, au anayepokea, na hapa tafadhali msikize. Ukiweka SHA, benki za katikati zinaweza kukata njiani, unatuma 9,000 inafika 8,975, na kuna vyuo vinamzuia mtoto kurejista kwa sababu ya hizo 25. Weka OUR, gharama zije kwako, na kwa maelezo andika jina na namba ya mwanafunzi vile iko kwa invoisi. Tuma wiki nzima kabla, sio Ijumaa jioni, alafu uitishe kopi ya SWIFT, ile rekodi ya benki kwamba pesa zimetumwa, wengi bado wanaiita MT103. Chuo kikisema hakijaona pesa, hiyo ndio wataifuatilia nayo.