Macho ya muuza leso

Haya tukae, feni hiyo imekataa kuzunguka mnaiona wenyewe. Haya ya leo mshayasikia kwangu, lakini kila nikipita naletewa kesi ileile: "Mwalimu, aliniangalia." Kakuangalia, sasa ndiyo kakupenda?

Chukua kijana kaingia duka la leso hapo Biashara Street. Msichana wa kaunta anamtazama usoni, anatabasamu, anainama karibu yake, kijana akishika pindo naye anashika pindo, akicheka naye anacheka. Kijana anatoka na pea mbili ambazo hakuzitaka na roho yake ishaoa. Mimi namwambia rudi, ila usiingie, simama ng'ambo utazame. Kaja mama na mjukuu wake, msichana anainama vilevile, manake jina la leso limeandikwa chini na mteja lazima asomewe. Kaja mzee na bakora yake, tabasamu ni lilelile. Kama wateja kumi wote wameinamiwa, huko kuinama hakukwambii kitu juu yako, hiyo ni kazi. Tafuta kile anachokufanyia wewe na hao wengine hawafanyii: ushalipa, risiti unayo, bado anakuuliza unakaa wapi, mwenzake anamwita kule nyuma na haendi. Hapo kidogo pana neno. Kidogo, nasema.

Najua mtaniambia, "lakini alikuwa ananiiga!" Jamani. Wanasaikolojia Chartrand na Bargh walilipima hilo, wakachapisha 1999. Mtu anakalishwa na mgeni asiyemjua kabisa waelezane picha, na yule mgeni kapangwa, mara ajisugue uso, mara atikise mguu. Yule mtu akawa anasugua zaidi na msugua uso, anatikisa zaidi na mtikisa mguu, na wala hajui kama anafanya. Hapakuwa na mapenzi pale, ni picha tu! Ni kweli kwamba walioigwa walimpenda zaidi kidogo yule aliyewaiga, kwa hivyo huenda wewe ndiye uliyenasa, si yeye.

Na wanaume nisikilizeni, msininunie. Mwaka 1982 mwanasaikolojia Antonia Abbey aliweka mwanamume na mwanamke waongee dakika tano, na wengine wawili, mwanamume na mwanamke, wanawatazama. Mazungumzo ni yaleyale, lakini wanaume wakaona yule mwanamke anatongoza kuliko wanawake walivyoona. Ukarimu tu ule. Na huku Pwani ambako mgeni hakaribishwi kwa uso wa ndimu, si ndiyo balaa.

Mikono iliyokunjwa, eti hakutaki, niliiandika hapa lakini muda umekwisha, basi jueni tu feni ingefanya kazi wengine mngekunja kwa baridi. Wewe wa nyuma teremsha mkono, utaniuliza mboni za macho. Zinapanuka mtu akivutiwa, naam, na zinapanuka zaidi kwenye giza. Humu taa ni moja, mboni zenu zote zimepanuka, na sioni hata mmoja anayenitaka.