Mstari Huu Umepungukiwa Nini? Mhadhara kwa makarani wa daftari la wavuvi, Tanga

Assalaam aleikum, na habari za asubuhi. Waliokaa nyuma wasogee mbele kidogo, maandishi ya ukutani ni madogo na fomula ikikosa mabano mamoja haikubali.

Kazi ya leo ni moja. Mna karatasi ya usajili wa wavuvi kwenye Excel au programu mfano wake, kila mvuvi na mstari wake. Zipo safu ambazo lazima zijazwe, na zipo ambazo mtu akiziacha hakuna neno. Tunataka kando ya kila mstari pajiandike penyewe kilichokosekana, kwa maneno. Kupaka rangi nyekundu visanduku vitupu wengi mnajua, na kunasaidia ukiwa mbele ya kompyuta. Lakini anayekwenda kumtafuta mvuvi Tongoni au Chongoleani anabeba simu mkononi, na rangi haisomeki kwenye ujumbe wa simu. Yeye anataka asome: "Simu; Namba ya NIDA", amuulize mwenyewe, arudi.

Nikisema safu nakusudia ile inayoshuka, B, C, D. Mstari ni ule unaolala, 3, 4, 5.

Tuipange karatasi. Safu A iwe ya majibu, iitwe "Pungufu". Wengi huiweka mwisho kabisa upande wa kulia, nami nasema iweni nayo kushoto, maana iliyo mwisho hamtaiona mpaka mtembeze karatasi. Kisha B ni Jina kamili, C Mtaa, D Simu, E Namba ya NIDA, F Nafasi, yaani Mmiliki au Baharia, G Namba ya chombo, H Maelezo. Safu I iacheni tupu na muifanye nyembamba. Sababu yake inakuja.

Vichwa hivyo vikae mstari wa 2. Mstari wa 1, juu ya vichwa, ni wa alama. Juu ya B, C, D, E na F andikeni herufi L, yaani lazima. Juu ya G andikeni M, kwa kuwa namba ya chombo anadaiwa mmiliki peke yake. Baharia hana chombo, mkimdai namba mtamsumbua bure. Juu ya H na I msiandike kitu. Wavuvi waanze mstari wa 3.

Mstari huu wa alama ndio unaorahisisha mambo. Kesho mkiambiwa mtaa si lazima tena, mnafuta herufi moja tu, fomula hamuigusi.

Sasa tuanze na fomula ndogo, isiyojua habari ya mmiliki:

```
=TEXTJOIN("; ",TRUE,IF((B$1:I$1="L")*(TRIM(B3:I3)=""),B$2:I$2,""))
```

Isomeni kutoka ndani. `TRIM(B3:I3)=""` inapita kisanduku kimoja kimoja cha mstari wa 3 na kuuliza: wewe ni mtupu? `B$1:I$1="L"` inauliza: juu yako pana L? Alama ya nyota katikati inataka yote mawili yawe kweli. Yakiwa kweli, `IF` inachukua kichwa cha safu hiyo kutoka mstari wa 2. Yasipokuwa, inaacha patupu. Mwisho `TEXTJOIN` inaviunga vichwa vilivyopatikana, ikitia nukta-mkato na nafasi kati yao. Lile neno `TRUE` linaiambia iruke patupu. Mkiandika `FALSE` mtaona kitu kama "; ; Simu; ; ; ; ; ", safu ya vitenganishi visivyotenganisha kitu.

Nimechagua nukta-mkato badala ya mkato kwa makusudi. Kuna watu vichwa vyao ni "Mtaa, kijiji au kitongoji". Ukiunga kwa mkato, msomaji hajui kichwa kimoja kimeishia wapi.

Alama za dola zinafunga mistari ya 1 na 2 isishuke fomula inaponakiliwa kwenda chini. Mkizisahau, mstari wa 3 utatoa jibu sawa, ila wa 4 fomula itakuwa inatafuta alama kwenye vichwa, na kuanzia wa 5 kwenye mistari ya wavuvi wa juu, na kwa kuwa huko hakuna kisanduku chenye "L" peke yake, haitapata kitu. Safu A itabaki tupu, mtu afurahi kwamba daftari lake limekamilika. Dola ikikosekana kwenye mstari wa vichwa peke yake, dalili ni nyingine: safu ya "Pungufu" inaanza kutaja mitaa na namba za simu za jirani wa juu. Mkiona "Sahare; 0713…" mahali panapotakiwa vichwa, tafuteni dola.

Tuingize sasa habari ya mmiliki na baharia:

```
=IF(COUNTA(B3:I3)=0,"",TEXTJOIN("; ",TRUE,IF(((B$1:I$1="L")+(B$1:I$1="M")*(TRIM($F3)="Mmiliki"))*(TRIM(B3:I3)=""),B$2:I$2,"")))
```

Alama ya kujumlisha hapa ina maana ya "au": safu inadaiwa ikiwa ina L, au ikiwa ina M na huyu ni mmiliki. `COUNTA` pale mwanzo ni ya mistari ambayo haijaanza kujazwa. Bila hiyo, mkinakili fomula hadi mstari wa 500 na mna wavuvi 180, mistari mingine yote itawapigia kelele kwamba haina jina, haina mtaa, haina simu.

Tuipime kwa mistari minne. Wa 3 ni mmiliki, kila kitu kimejazwa: safu A iko tupu, ndivyo inavyotakiwa. Wa 4 ni baharia, simu haipo, na kwenye NIDA karani alibonyeza kitufe cha nafasi akaendelea. Jibu ni "Simu; Namba ya NIDA". Chombo hakutajiwa, sawa. Wa 5 ni mmiliki asiye na mtaa wala namba ya chombo: "Mtaa; Namba ya chombo". Wa 6 ana kila kitu isipokuwa Nafasi na chombo. Jibu ni "Nafasi" peke yake. Mkiijaza "Mmiliki", linatokea deni jipya, "Namba ya chombo". Fomula haikukosea, haikuweza kumdai chombo mtu ambaye hajasema kama ni mmiliki. Kwa hiyo mkimpigia mvuvi wa namna hiyo, muulizeni nafasi na chombo kwa pamoja, msipige mara mbili.

Hapo hapo pana mtego. Karani akiandika "Mwenye chombo" badala ya "Mmiliki", deni la namba ya chombo linapotea kimya kimya. Herufi kubwa na ndogo hazidhuru, na nafasi za pembeni `TRIM` inaziondoa, lakini neno likiwa jingine ni jingine. Safu F msiiache wazi. Nendeni Data, kisha Data Validation, chagueni List, wekeni Mmiliki na Baharia, basi.

Nije kwenye visanduku vinavyoonekana vitupu na si vitupu. Nafasi ya kawaida `TRIM` inaiondoa. Ila ukibandika majina kutoka kwenye tovuti, mara nyingi huja nafasi ya aina nyingine, ile isiyokatika, yenye msimbo 160, na hiyo `TRIM` haiigusi. Dalili yake: kisanduku kinaonekana kitupu lakini safu A haikitaji. Simameni pembeni muandike `=LEN(D4)`. Ikitoa 0 ni kitupu kweli. Ikitoa 1, andikeni `=UNICODE(D4)`. 32 ni nafasi ya kawaida, 160 ndiyo mhalifu wenu. Dawa ni kubadilisha kile kipande cha `TRIM(B3:I3)` kiwe hivi:

```
TRIM(SUBSTITUTE(B3:I3,UNICHAR(160)," "))
```

Kistari na neno "hakuna" fomula inavihesabu kuwa vimejaa. Hilo ni la kukubaliana wenyewe. Mimi ningesema asiye na simu aandikiwe "hana", maana kisanduku kitupu kina maana hajaulizwa.

Kuna swali hapa mbele: mbona familia moja, mtaa umeandikwa, na bado wengine wanadaiwa mtaa? Mmeunganisha visanduku, mistari mitatu ikawa kisanduku kimoja kirefu. Macho yanaona neno katikati, lakini neno limo kwenye kisanduku cha juu tu, viwili vya chini ni vitupu. Tenganisheni, mjaze kila mmoja wa kwake.

Na NIDA, kwa kuwa tumeitaja. Namba ina tarakimu 20, na Excel inashika tarakimu 15 tu za namba. Mkiiandika bila vistari kwenye kisanduku cha kawaida, tano za mwisho zinageuka sifuri, wala hazirudi tena. Fomula yetu itasema kisanduku kimejaa. Safu E ifanyeni Text kabla ya kuandika chochote, na safu ya simu vivyo hivyo, ili sifuri ya mwanzo isipotee.

Kuhusu programu. Kwenye Microsoft 365 bonyezeni Enter tu. Kwenye Excel 2019 na LibreOffice ni Ctrl+Shift+Enter. Mabano ya mawimbi yatatokea yenyewe, msiyaandike kwa mkono. Excel 2019 ukibonyeza Enter peke yake unapata `#VALUE!`, na kila ukihariri fomula lazima ubonyeze vitufe vitatu upya. Google Sheets ifungeni fomula yote ndani ya `ARRAYFORMULA( )`. Ila msidhani hiyo itawashushia majibu hadi chini: mkiandika B3:I500, upungufu wa wavuvi wote utarundikana kwenye kisanduku kimoja. Fomula ni ya mstari mmoja mmoja, inakiliwe.

Mwenye Excel 2016 ya kununua mara moja atapata `#NAME?`, maana `TEXTJOIN` haimo. Huyo aunge kwa mkono, safu moja baada ya nyingine:

```
=IF(TRIM(B3)="",B$2&"; ","")&IF(TRIM(C3)="",C$2&"; ","")
```

Aendelee hivyo hadi F, na kwa G aweke `IF(AND(TRIM($F3)="Mmiliki",TRIM(G3)=""),G$2&"; ","")`. Itabaki nukta-mkato ya ziada mwishoni. Iacheni.

Safu nyembamba I sikuisahau. Mkiongeza safu mpya katikati ya B na I, fomula inapanuka yenyewe. Mkiongeza nje ya I, haijui. Kwa hiyo safu mpya, tuseme ya aina ya nyavu, iingizeni kabla ya I, mtie herufi yake mstari wa 1.

Mkitaka kuwatumia watafutaji, chujeni safu A, muondoe tiki kwenye (Blanks), mnakili A, B na C, halafu mbandike kwenye karatasi nyingine kwa Paste Special, Values. Mkibandika kawaida, fomula inaweza kuhama pamoja na majina na kuanza kusoma visanduku vya kule ilikohamia.