Ndoa Juu ya Ndoa: Kifungu Kimoja, Kanuni Tatu

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tuna kifungu kimoja tu, kifungu cha 57 cha sheria ya Uingereza ya mwaka 1861 kuhusu makosa dhidi ya mwili wa mtu. Kwa ufupi kinasema hivi: yeyote ambaye, akiwa katika ndoa, atafunga ndoa na mtu mwingine wakati mume au mke wake wa awali yu hai, ametenda kosa la jinai. Adhabu ilifika kifungo cha miaka 7. Wakili Mutua, utata uko wapi?

MUTUA: Uko kwenye “atafunga ndoa”. Utata huo ulijitokeza katika kesi ya Henry Allen, mwaka 1872. Mke wake wa kwanza alifariki. Mwaka 1867 akaoa mwingine, ndoa halali kabisa. Desemba 1871, huyo wa pili akiwa hai, akapitia taratibu zote za kufunga ndoa na mpwa wa yule marehemu.

ZUHURA: Na mpwa wa marehemu mke wake hakuruhusiwa kumwoa hata kama angekuwa mjane.

MUTUA: Ndiyo. Sheria ya mwaka 1835 ilikwisha kuzibatilisha ndoa za watu wenye ukwe wa karibu namna hiyo. Kwa hiyo wakili wake akajenga hoja: ndoa hii ilikuwa batili hata bila kuhesabu ile ya 1867, basi mteja wangu hakufunga ndoa yoyote, na kosa halipo.

ZUHURA: Majaji wana kanuni tatu za kufasiri maneno ya sheria. Tuanze na kanuni ya maana halisi. Hii inamtaka jaji achukue maneno kwa maana yake ya kawaida, na yakiwa wazi, ayafuate hata kama matokeo hayampendezi. Kufunga ndoa, kwa maana yake kamili ya kisheria, ni kuingia katika ndoa halali.

MUTUA: Tena neno la ndoa limetokea mara mbili katika sentensi moja. “Akiwa katika ndoa” lazima imaanishe ndoa halali, la sivyo hakuna ndoa ya kwanza ya kuvunjiwa heshima. Kwa mazoea ya ufasiri, neno moja katika kifungu kimoja hupewa maana moja. Basi na ndoa ya pili iwe halali.

ZUHURA: Ukifika hapo umekwama. Mtu mwenye mke hawezi, chini ya sheria ile, kufunga ndoa nyingine halali. Ndoa ya pili ni batili siku zote, kwa sababu ile ya kwanza ipo. Kwa usomaji huo hakuna binadamu anayeweza kutenda kosa hili. Bunge lingekuwa limetunga kosa lisilotendeka.

MUTUA: Na ndipo kanuni ya dhahabu inapoingia. Maelezo yake mashuhuri yalitolewa mwaka 1857 katika kesi ya Grey dhidi ya Pearson: fuata maana ya kawaida ya maneno, isipokuwa kama inaleta upuuzi au mgongano na sehemu nyingine za sheria yenyewe. Hapo unaweza kuirekebisha maana, lakini kwa kiasi cha kuuondoa upuuzi tu, usivuke.

ZUHURA: Hicho “kiasi” ndicho wanafunzi wengi wanakiruka. Wanaandika: maana halisi ni upuuzi, kwa hiyo kufunga ndoa ni kupitia taratibu za kufunga ndoa, kwa hiyo Allen ana hatia. Wameruka ngazi nzima.

MUTUA: Kwa sababu kuna usomaji wa katikati. Unaweza kusema: ndoa ya pili iwe ile ambayo ingekuwa halali kama ile ya kwanza isingekuwepo. Usomaji huu unaondoa upuuzi wote. Mtu wa kawaida anayeoa mke wa pili kwa siri anashikwa. Allen anaponyoka, kwa kuwa ndoa yake ya mwisho isingekuwa halali kwa hali yoyote.

ZUHURA: Na huu si usomaji wa kubuni darasani. Mahakama ya Ireland iliukubali katika kesi ya Fanning, mwaka 1866, kwa wingi wa majaji. Kwa hiyo tuna maana tatu. Kanuni ya dhahabu imeiua ya kwanza, lakini mbili zimebaki hai, na yenyewe haina kipimo cha kuchagua kati yake. Ukiifuata kwa ukali wa kiasi kile, unaweza hata kusema usomaji wa katikati ndio mabadiliko madogo zaidi.

MUTUA: Nakubali. Sasa lazima uulize kifungu kiliwekwa kuzuia nini. Kesi ya Heydon ya mwaka 1584 ilitoa maswali manne: sheria ilikuwaje kabla, ilikuwa na kasoro gani, Bunge lilileta tiba gani, na kwa sababu gani. Kanuni ya kusudio ya siku hizi ni pana kuliko hiyo, haijifungi kwenye kasoro ya zamani peke yake, lakini mzizi ni huo.

ZUHURA: Katika kesi ya Allen, Jaji Mkuu Cockburn aliuliza madhara yanatoka wapi. Hayatoki kwenye uhalali wa ndoa ya pili, maana uhalali haupo kamwe. Yanatoka kwenye tendo lenyewe: mtu mwenye ndoa anautumia utaratibu mzito wa sheria kwa udanganyifu, na mara nyingi mwenzake anaingia akiamini ameolewa. Madhara hayo hayapungui kwa sababu kuna kizuizi cha pili cha ukwe. Mahakama ikakataa kuifuata Fanning, na Allen akabaki na hatia.

MUTUA: Lakini kusudio nalo lina mpaka. Mwanamume akimwacha mkewe akaenda kuishi na mwingine bila kufunga ndoa, familia inaumia vilevile. Huwezi kumtia hatiani kwa kifungu hiki. Maneno lazima yaweze kuibeba maana unayoitaka, na hakuna namna ya kuyafanya “atafunga ndoa” yamaanishe “ataishi na”. Hata taratibu zenyewe ziwe za aina inayotambuliwa na sheria, si mchezo wa kuigiza.

ZUHURA: Tuje Kenya. Kifungu cha 171 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, hakisemi “atafunga ndoa”. Kinamtaja mtu mwenye mume au mke aliye hai, anayepitia sherehe ya ndoa ambayo ni batili kwa sababu inafanyika wakati mwenzi huyo yu hai. Kifungo hadi miaka 5.

MUTUA: Mwandishi wa sheria ameondoa upuuzi wa kwanza kwa neno “sherehe”. Pia, ndoa ya pili ya kimila au ya Kiislamu inayoruhusiwa kisheria haishikwi, kwa sababu si batili. Ila soma “kwa sababu” mara ya pili. Mlete Allen hapa: sherehe yake ni batili kwa sababu mbili.

ZUHURA: Basi hoja ya Fanning inarudi. Mtetezi atasema sababu ya ubatili ni ukwe, na kwamba kifungu cha jinai chenye utata hufasiriwa kwa faida ya mshtakiwa.

MUTUA: Mwendesha mashtaka atajibu kwamba kifungu hakisemi “kwa sababu hiyo pekee”. Atataja madhara yaleyale ya Cockburn. Kisha atamwonyesha jaji nafuu ambazo Bunge lenyewe limeziandika humohumo: ndoa ya awali iliyotamkwa batili na mahakama, na mwenzi aliyetoweka miaka 7 mfululizo bila kusikika kuwa yu hai. Kizuizi cha pili cha ndoa hakimo.

ZUHURA: Mimi ningesimama na mwendesha mashtaka, lakini kwa orodha hiyo ya nafuu kwanza, kusudio baadaye. Orodha imo ndani ya kifungu, jaji anaweza kuigusa kwa kidole.