Ekari Saba za Kaka Mkubwa

(Mhadhara kwa wapatanishi wapya, Nakuru)

Habari za asubuhi. Asanteni kwa kufika, hasa mliotoka Molo na Kericho na hii baridi.

Mmemaliza mafunzo, na karibuni naibu msajili wa mahakama ataanza kuwapangia kesi. Leo nataka tuzungumze juu ya dakika moja tu ya kazi hii, ile inayonisumbua hadi leo. Mtu ameketi mbele yako, anadai kitu ambacho wewe unaona wazi hatakipata, na huruhusiwi kumwambia hivyo. Wewe si jaji, na wala si wakili wake. Siku utakayotamka "mahakama haitakupa hiyo", utakuwa umehama kiti chako ukaenda kuketi na mahasimu wake. Hata kama umesema kweli, hatakusikia tena.

Niwape kesi moja. Nimebadilisha mambo kadhaa ili wenyewe wasijulikane.

Shamba la ekari 12, upande wa Njoro. Baba amefariki, mama alimtangulia, na wosia wa maandishi hakuna. Watoto ni sita: wavulana wawili na wasichana wanne walioolewa. Kaka mkubwa anadai ekari saba. Zinazobaki, wale watano wagawane moja moja. Sababu yake ni moja: "Baba alisema shamba ni langu, na wazee walisikia."

Kosa langu la miaka ya mwanzo lilikuwa kurukia hapo hapo. Mtu akitaja ekari saba, mimi nafungua sheria. Siku hizi nauliza kwanza hizo saba zilitoka wapi. Kwa nini si sita, kwa nini si nane? Huyu mzee alinyamaza, halafu akaanza kunieleza jinsi alivyomwogesha baba yake miaka minne, usiku na mchana, na dada zake wakija Krismasi na kuondoka. Alizungumza karibu saa nzima na sikumkatiza. Mtu ambaye hajasikilizwa, ukimuuliza swali gumu anaona unamshambulia. Aliyesikilizwa analipokea kama swali.

Kisha nikaomba nikae naye faragha, yeye na wakili wake. Hili mlishike sana. Usimpime mtu mbele ya ndugu zake. Pale mbele ya dada wanne hawezi kurudi nyuma hata akitaka, kwa sababu atakuwa ameshindwa hadharani. Mlango ukifungwa, na akijua kwamba atakayosema humo hayatoki bila ruhusa yake, anaweza kufikiri.

Nikamuuliza: "Mzee, siku baba aliyosema maneno hayo, ni nani walikuwepo?" Akanitajia wazee watatu. Mmoja ameshakufa. "Na ilikuwa mwaka gani?" 2015. "Baba alifariki lini?" 2019. Sikusema neno. Nikamgeukia wakili: "Wakili, mahakama inatazama nini ikiletewa wosia wa mdomo?" Wakili akamweleza mteja wake, polepole, kwamba Sheria ya Mirathi, kifungu cha 9, inataka mashahidi wawili au zaidi, na inataka aliyetamka awe amefariki ndani ya miezi mitatu baada ya kutamka. Mzee akahesabu kwa vidole. Alifika mwaka wa pili akaacha.

Mnaona ni nani aliyempinga? Si mimi. Ni tarehe zake mwenyewe na wakili aliyemlipa mwenyewe. Baada ya hapo niliuliza swali moja tu: "Wosia huo usipokubaliwa, mgawanyo utakuwaje?" Wakili akamsomea kifungu cha 38: mzazi akifa bila wosia na mwenzake hayupo, watoto wanagawana sawa kwa sawa, na kifungu hakitofautishi aliyeolewa na asiyeolewa. Ekari 12 kwa watu sita. Hesabu hiyo haihitaji kikokotoo.

Halafu nyamaza. Najua ni vigumu. Mimi huishika kalamu kwa mikono miwili nisije nikajaza ule ukimya kwa maneno ya kumfariji. Ukimwona ameanza kuuliza ("na nyumba yangu itakuwa upande wa nani?"), jua ameshatoka kwenye saba na anatafuta pa kusimama. Lakini akirudia maneno yale yale kwa sauti ya juu zaidi, au akimuuliza wakili wake wewe mpatanishi uko upande gani, umekwenda haraka. Rudi kwenye kusikiliza. Na mjihadhari na maswali ya "kwa nini unataka...?" yakitamkwa kwa uso mkavu. Hayo ni mashtaka yenye alama ya kuuliza. "Ni nani", "lini", "utaonyesha nini" yanampeleka mtu kwenye ushahidi wake, hayamshtaki.

Sasa, ningeishia hapo, kaka mkubwa angekuwa na haki ya kusema nimewasaidia dada zake. Kwa hiyo kila ninapompima mmoja faragha, naketi na wa pili kwa muda kama ule ule, hata kama madai yake yanaonekana ya busara. Na karibu kila mara nakuta naye ana ndoto yake.

Dada wa tatu hakutaka ardhi, alitaka kaka amnunulie sehemu yake. Bei yake: ekari mbili ni ploti 16 za futi 50 kwa 100, ploti moja ni 350,000, jumla milioni 5.6. Nikampa karatasi na kalamu. "Mama, nichoree hizo ploti 16." Akachora mistari vizuri kabisa. "Sasa mwenye ploti ya katikati ataingilia wapi?" Akatazama mchoro. Akachora njia, ploti zikapungua. Nikamuuliza bei ya 350,000 aliisikia wapi. Ilikuwa ya ploti iliyo kando ya lami. Shamba lao liko kilomita mbili ndani, na mwenyewe akakumbuka jirani aliyeuza kwa ekari, milioni 1.3. Swali la mwisho lilikuwa: "Kaka yako akikubali bei yako, pesa atazitoa wapi?" Akacheka kwa huzuni. Alijua hali ya kaka yake kuliko mimi.

Mpaka wa kazi hii ni hapa: ukishauliza, na mtu ameelewa, na bado anasema anarudi kwa jaji, mwache aende. Hiyo ni haki yake. Usimwulize mara ya nne kwa matumaini kwamba atachoka. Mtu akitia sahihi kwa uchovu, mapatano yakishapokelewa kuwa amri ya mahakama atajuta bila njia ya kukata rufaa, nawe utakuwa umemfunga.

Yule kaka mkubwa hakutia sahihi siku hiyo. Kati ya siku 60 tulizopewa na mahakama kupatanisha zilibaki 11. Aliomba wiki moja akazungumze na mkewe, nikampa. Aliporudi alikuwa na mchoro wake: ekari mbili zinazozunguka boma na kaburi la wazazi. Dada zake wakaongeza nusu ekari ile yenye miti aliyoipanda, na wakataka iandikwe kwenye mapatano kwamba ni kwa sababu alimtunza baba. Alimwomba wakili amsomee sentensi hiyo mara mbili, ndipo akaichukua kalamu.