Wimbo Mmoja, Simu Mbili za Vitufe

Ndugu zangu, hapa mezani nina simu mbili za vitufe. Hazina bando wala programu ya kuongezea. Ya kulia ina wimbo wa megabaiti 4, nami nautaka kwenye ya kushoto. Utumaji ukikwama, wengi huikazania simu inayotuma. Mimi nawaomba muitazame inayopokea, maana tatizo mara nyingi liko huko.

Kwenye inayopokea nawasha Bluetooth, kisha nairuhusu ionekane na simu nyingine. Hayo ni mambo mawili: simu inaweza kuwa imewashwa na bado imejificha, na nyingine hujificha tena zenyewe baada ya dakika chache. Sasa kwenye inayotuma nafungua muziki, nauchagua wimbo, naagiza utumwe kwa Bluetooth. Inatafuta. Kama kuna simu mbili za aina moja humu ndani, majina yatafanana, kwa hiyo yangu nimeipa jina langu mapema. Zikidai namba ya siri, andikeni ile ile pande zote mbili, hata 0000. Nyingine huonyesha tarakimu 6. Hakikisheni zinalingana, mkubali. Mwishowe inayopokea inauliza kama ipokee. Ukichelewa kujibu, mwenzako anaambiwa imeshindikana.

Wimbo unakwenda. Kwa kilobaiti 80 kila sekunde, megabaiti 4 zinahitaji kama sekunde 50, na picha ya kilobaiti 200 haimalizi sekunde 3. Ziacheni simu zilale karibu. Mawimbi hufika kama mita 10 mahali pa wazi, lakini ukuta, hata mwili wa mtu, huyapunguza. Na wimbo ukikatika njiani hauendelei ulipoishia, unaanza upya.

Haya, umekatika. Nautuma tena: umekatikia pale pale. Hapo ndipo pa kusoma dalili. Ungekatikia leo hapa, kesho pale, ningesogeza simu. Ukigoma kabla ya kuanza, simu imejificha au haijakubali. Lakini kukwama mahali pamoja kila mara, mimi kwanza nakagua nafasi. “Mbona memori kadi ina nafasi tele?” Ndiyo, ila simu hii inahifadhi vinavyopokelewa kwenye kumbukumbu yake ya ndani, ambayo ni finyu mno. Naingia kwenye mipangilio, nachagua vihifadhiwe kwenye kadi, natuma tena. Umefika, na unaimba.

Picha zina shida yake. Inaweza kufika salama na bado isifunguke, kwa sababu ilipigwa na kamera kubwa kuliko uwezo wa simu ndogo. Kuituma mara kumi hakusaidii. Punguzeni ukubwa kwenye mipangilio ya kamera inayopiga, mpaka 640 kwa 480, kisha mpige upya. Kwa kioo kidogo kama hiki, sura ya mtu itaonekana vizuri kabisa.