Usiniambie Ni Filamu ya Aina Gani

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie filamu zinazotisha na kuchekesha kwa pamoja. Nitaanza na jirani yangu, kwa sababu ndiye aliyenitia kwenye mtihani huu. Ni fundi wa majokofu, mtu mzima, na hapendi kabisa kuambiwa filamu ni ya aina gani. Ukimwambia "hii ni ya kutisha," anakukatiza: "Mimi nimekuuliza inaanzaje." Sasa mtu kama huyo unampaje filamu ambayo hata wenye kazi yao waligombana kuhusu kapu la kuiweka?

Filamu yenyewe ni Get Out ya Jordan Peele, iliyotoka mwaka 2017. Ambaye hajaiona anisamehe, maana leo naifichua mpaka mwisho. Chris, kijana mweusi mpiga picha, anakwenda na mpenzi wake mzungu, Rose, kuwaona wazazi wa Rose shambani kwao. Anapokelewa kwa ukarimu uliopitiliza, na nyuma ya ukarimu huo kuna biashara ya miili ya watu. Rafiki yake Rod, anayefanya kazi ya ukaguzi wa abiria uwanja wa ndege, anabaki mjini akimtunzia mbwa.

Ilipofika msimu wa tuzo za Golden Globe, filamu hii iliwekwa kwenye kundi la muziki na vichekesho. Watu wengi walikasirika: mtu anatekwa, anafungwa kwenye kiti, nyinyi mnasema vichekesho? Peele alijibu mtandaoni kwamba filamu yake ni ya hali halisi. Utani huo una mwiba. Mimi nasema waliokasirika walikuwa na haki, ila ukiichunguza filamu utakuta kicheko kimo ndani yake kweli, tena kimejengwa kwa hesabu kali.

Tuangalie kilipowekwa. Ndani ya ile nyumba hakuna mtu anayefanya mzaha kwa makusudi. Baba mtu anajisifu kwamba angempigia Obama kura mara ya tatu kama ingewezekana. Mgeni mmoja anaupapasa mkono wa Chris kama anayekagua ng'ombe mnadani. Ukicheka hapo, unacheka kwa kukosa pa kuweka uso. Vichekesho vya wazi, vile vya kushika mbavu, vyote viko kwa Rod, na Rod yuko mbali, kwenye simu. Kwa hiyo mzaha wake haugusi hatari. Tukirudi nyumbani kwa wale wazee, hofu tunaikuta pale pale tulipoiacha.

Hapa ndipo filamu nyingi za mchanganyiko huu zinapoharibika. Mwandishi anamweka mchekeshaji chumba kimoja na muuaji, halafu muuaji naye anaanza kutania. Kuanzia hapo hakuna wa kumwogopa. Kuna kipimo rahisi: baada ya utani, angalia tukio linalofuata. Kama moyo hauendi mbio tena, utani umekula hofu. Mwaka 1948 wachekeshaji wawili wa Marekani, Abbott na Costello, walikutanishwa na Drakula kwenye filamu moja, na aliyecheza Drakula alikuwa Bela Lugosi, yule yule aliyemwigiza Drakula kwenye filamu ya mwaka 1931. Lugosi hakutania hata kidogo. Aliwaachia wale wawili wapige kelele, yeye akabaki mtu wa kuogopwa.

Kuna tukio moja nataka tulitazame kwa karibu. Rod ameshindwa kumpata Chris, anakwenda polisi. Anamweleza mpelelezi, mwanamke mweusi kama yeye, kwamba wazungu wanawateka watu weusi na kuwatia ulozi wa akili. Maelezo yake ni vurugu tupu, kakosea nusu yake, na anayatoa kwa uzito wote. Mpelelezi anasikiliza bila kubadilisha uso. Anatoka, anarudi na wenzake wawili, anamwambia Rod rudia. Rod anarudia. Kimya. Halafu wote watatu wanaangua kicheko.

Nasi tunacheka nao. Mimi nilicheka. Kisha nikakumbuka kwamba Rod, pamoja na makosa yake yote, amepatia jambo kuu, na kwamba kicheko kile ndicho kimefunga mlango wa msaada. Nimecheka upande wa waliomtelekeza Chris. Hapo huwezi kukata kwa kisu ukasema huku ramsa, huku tanzia, kama tulivyofundishwa darasani. Ni kicheko kile kile kinachofanya kazi mbili.

Na mwisho wake je? Chris amejinasua, yuko barabarani usiku, amelowa damu, Rose amejeruhiwa chini. Mara taa za gari la doria zinamulika. Chris ananyanyua mikono. Ukumbi mzima unajua maana ya kijana mweusi, mwanamke mzungu anayevuja damu, na polisi. Mlango wa gari unafunguka, na ubavuni pameandikwa Airport. Ni Rod. Na kitu cha kwanza anachomwambia rafiki yake ni kwamba si nilikuambia usiingie nyumba ile. Kicheko kinachotoka hapo ni pumzi iliyokuwa imezuiwa.

Peele alikuwa amepiga mwisho mwingine, ambamo wanaofika ni polisi kweli na Chris anaishia jela. Aliubadilisha. Lakini tazama alivyoutumia: hakuufuta, aliuacha ndani ya sekunde zile za taa kumulika. Bila mwisho ule wa kwanza kupita kichwani mwetu, Rod kushuka garini kusingechekesha mtu.

Sasa turudi kwa fundi wangu. Sikumtajia aina. Nilimweleza dakika za mwanzo. Usiku, mtaa wa matajiri, kijana mweusi amepotea njia, anaongea na simu. Gari jeupe linageuza, linamfuata polepole. Redioni humo unapigwa wimbo wa zamani wa Kiingereza wa kumhimiza sungura akimbie, mchangamfu kama wa watoto. Anatokea mtu kavaa kofia ya chuma, kijana anakabwa, anatiwa kwenye buti. Kisha miti inapita dirishani na sauti zinaanza kunong'ona kwa Kiswahili.

Hapo fundi aliacha bisibisi. Ndiyo, Kiswahili. Wimbo huo wa Michael Abels, mtunzi wa muziki wa filamu hii, unaitwa "Sikiliza Kwa Wahenga", unamwonya ndugu akimbie. Sisi tungesema wasikilize wahenga, lakini tusiwe wachoyo. Watazamaji wengi duniani walisikia minong'ono tu, sisi tulipewa onyo mapema.

Nilimwambia na jambo moja zaidi: karibu na mwisho kuna upasuaji wa kichwa, na damu ipo. Hilo usimfiche mtu hata kama anachukia majina ya aina. Mwenye kuchukia lebo hajasema kwamba anapenda kushtukizwa na damu. Mpe tukio la mwanzo, mpe tahadhari, nyamaza. Ukimwambia "utacheka sana," atakaa akisubiri kuchekeshwa, na dakika 40 za mwanzo atakuona mwongo.

Alirudisha flashi baada ya siku mbili. Hakusema ni nzuri wala mbaya. Aliuliza kama yule mpelelezi aliyecheka alikuja kujua baadaye. Nikamwambia filamu haionyeshi. Akasimama mlangoni kitambo, akasema hata yeye alicheka.