Muuguzi si Askari wa Bili: Dhiki ya Dhamiri Wodini na Wajibu wa Hospitali
(Mhadhara kwa wauguzi na wasimamizi wa hospitali, Kisumu)

Wauguzi wenzangu, maafisa wa kliniki, na nyinyi wakubwa wa utawala mliokubali kuacha mafaili mje mtusikilize, asanteni. Nimeombwa nizungumzie maagizo yanayopingana na dhamiri. Maagizo hayo ni mengi, na nikitaka kuyagusa yote tutatoka hapa hatujafika popote. Nitashika moja tu, ambalo kila sista aliyefanya kazi wodi ya akina mama amewahi kupewa: “Huyu ameruhusiwa, lakini asitoke mpaka amalize bili.”

Dhiki ya dhamiri si uchovu. Mwaka 1984 mwanafalsafa Mmarekani Andrew Jameton, aliyekuwa akifundisha maadili ya uuguzi, aliieleza kuwa ni hali ya mtu anayejua lililo sahihi kufanywa, ila taratibu za mahali anapofanya kazi zinamfungia njia ya kulifanya. Shikeni hapo penye “anajua”. Muuguzi anayejiuliza kama ampe mgonjwa dawa hii au ile ana shaka, na shaka huondolewa na mwongozo. Yule wa kwetu hana shaka yoyote. Anajua, na bado anafunga mlango.

Tuchukue kisa. Nimekiunda mwenyewe kwa mambo ambayo wengi wenu mmeyaona, kwa hiyo msianze kukisia ni hospitali gani.

Mama wa Nyalenda, muuza omena, anajifungua mtoto wa tatu kwa upasuaji usiku wa Jumapili. Mumewe ni mwendesha boda. Wamejisajili SHA, bima ya afya ya taifa, lakini mchango wa mwaka hawajaulipa, kwa sababu wasio na mwajiri hutakiwa kuutoa wa mwaka mzima kwa mkupuo, na mkupuo ndio hasa ambao mtu wa kipato cha siku kwa siku hana. Jumatano asubuhi daktari anapita, kidonda ni kikavu, mtoto ananyonya vizuri. Anaandika kwenye faili: aruhusiwe. Bili ni shilingi 38,000. Familia inachanga 6,000. Zinabaki 32,000.

Kuanzia hapo kazi ya sista inageuka. Faili linapelekwa uhasibu. Metroni, naye akiwa ameambiwa na ofisi, anamwagiza sista wa zamu achukue nguo za nyumbani za mama azifungie stoo, asimwachie aende uwanjani bila mtu wa kumwangalia, na amhesabu kila zamu inapobadilishana, saa moja asubuhi na saa moja jioni. Kisha linakuja lile la mwisho, ambalo kwa kawaida halina karatasi: akitoroka, waliokuwa zamu watakatwa mshahara.

Kuna jambo hapa ambalo watu wa nje hawalioni. Faili likishafungwa, mama huyu si mgonjwa tena kwenye vitabu. Daktari anapozunguka wodi anamruka. Karatasi yake ya dawa imefungwa, kwa hiyo hata paracetamol ya maumivu hana aliyemwandikia. Kitanda chake anapewa aliyetoka theatre, yeye analala wawili wawili au kwenye benchi na mtoto mchanga kifuani. Gharama ya kitanda, tuseme 1,200 kwa siku, inaendelea kuhesabiwa. Ikifika Jumanne ya wiki inayofuata, siku sita baadaye, deni limekuwa 39,200. Yaani amelipa 6,000, na bado anadaiwa zaidi ya bili ya awali. Jumanne hiyo hiyo usiku sista anamgusa paji la uso, anaona ana joto, anapima: 38.6. Kidonda kimeanza kutoa usaha. Anatafuta faili. Faili liko uhasibu, na uhasibu umefungwa tangu jioni.

Sasa mtazameni sista, maana leo tumekuja kwa ajili yake. Alfajiri ile anafanya nini? Wengine humpigia daktari wa zamu na kumfungulia mama faili jipya, na kesho wanaulizwa kwa nini wameongeza gharama za mtu asiyelipa. Wengine hupitisha bakuli kati yao, mia mbili hapa, mia tano pale, hadi dawa inunuliwe nje. Na wengine husahau, kwa makusudi, kurudisha kufuli ya mlango wa nyuma. Hilo la kufuli msilicheke. Ni muuguzi mwenye cheti na leseni anayelazimika kuwa mwizi ili awe mwema.

Msimamizi anayetaka kujua kama wodi yake ina dhiki hii asingoje mtu alie ofisini kwake. Aangalie kitabu cha zamu: nani anabadilishana kila mara ili asipangwe upande ule wa waliozuiliwa? Asikilize wanavyowataja: wakishaitwa “wale wa bili”, majina yamekwisha. Afungue kadeksi, pale wauguzi wanapoandika hali ya kila mgonjwa, alinganishe. Utakuta mgonjwa wa kawaida ameandikiwa nusu ukurasa, na aliyezuiliwa ameandikiwa mstari mmoja, “hali yake nzuri”, siku sita mfululizo, hata siku ile ya 38.6. Si uvivu huo. Mtu hukwepa kutazama mahali panapomwuma.

Mwaka 2009 Elizabeth Epstein na Ann Hamric, watafiti wa uuguzi nchini Marekani, walieleza jambo linalotufaa sana hapa. Kisa kikiisha, dhiki hushuka, lakini haishuki hadi sifuri. Hubaki mashapo. Kisa cha pili huanzia juu ya mashapo ya kwanza, cha tatu juu ya ya pili. Ndiyo maana sista wa miaka kumi na tano anaweza kulipuka kwa jambo ambalo mwanafunzi halimgusi, na ndiyo maana likizo ya wiki mbili haimtibu. Anarudi, mlango ni ule ule na kufuli ni ile ile. Mnisamehe wanasaihi mliomo humu, lakini kumpa mtu semina ya kuvumilia jambo lisilofaa kuvumiliwa ni kumwongezea mzigo.

Na halifai kisheria pia. Katiba yetu ya 2010 inalinda utu kwenye kifungu cha 28 na uhuru wa mtu kwenye cha 29. Septemba 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa kutolipa, akasema kuwazuilia kulikuwa kinyume cha sheria. Deni la hospitali ni deni kama madeni mengine, na mwenye kudai ana njia za kulidai zisizohitaji kufuli. Kuhusu kukatwa mshahara, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali yake iliyoharibika au kupotea kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Mgonjwa si mali ya hospitali. Hawezi kupotea kama kitanda.

Najua upande wa utawala unavyofikiri, na si watu wabaya. Tangu sheria ya 2023 iruhusu hospitali za umma kubaki na mapato yao, glavu na uzi wa kushonea hununuliwa kwa hizo hizo bili. Malipo ya SHA yakichelewa, anayepigiwa simu na muuzaji wa dawa ni wao. Kwa hiyo sitawaambia muwasamehe wote. Ninachosema ni kwamba kudai deni ni kazi, kila kazi ina mwenyewe, na mwenyewe wa hii hayuko wodini.

Hospitali ikikubali hilo, mengine hayana ugumu. Mazungumzo ya pesa yahamishwe kutoka siku ya kuruhusiwa hadi siku ya kulazwa. Yule mama aliingia Jumapili. Afisa wa ustawi wa jamii angemfikia Jumatatu, angejua kuwa SHA haijalipwa, na familia ingekuwa na siku mbili za kutafuta badala ya kushtukizwa Jumatano. Asiyeweza kabisa apelekwe kwa kamati ya msamaha wa bili, na kamati hiyo iwe na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuamua hadi kiwango fulani bila kungoja kikao, kwa sababu kikao cha mwisho wa mwezi hakimsaidii aliyeruhusiwa tarehe tano. Anayeweza kidogo kidogo asaini ahadi ya malipo na mdhamini wake, mbele ya mhasibu, si mbele ya sista. Kihesabio cha kitanda kisimame saa ile daktari aliyoandika aruhusiwe.

Na maadamu mtu yumo ndani ya jengo, kwa sababu yoyote ile, faili lake libaki wodini, daktari ampitie, apimwe kama wenzake. Uhasibu wakitaka faili, wachukue nakala.

Kwa wauguzi wenyewe naomba mambo mawili kutoka kwa hospitali. Kwanza, agizo lolote la kumzuia mtu liandikwe na lisainiwe na aliyelitoa. Mtashangaa ni maagizo mangapi hufa yakidaiwa saini. Pili, muuguzi yeyote, hata wa mwaka wa kwanza, aweze kuita kamati ya maadili moja kwa moja, bila kupitia kwa yule aliyempa agizo, na apate jibu ndani ya siku moja. Kamati inayoitwa kwa ruhusa ya mkubwa haiitwi. Na anayeita asiadhibiwe: kifungu cha 46 cha Sheria hiyo ya Ajira kinasema kulalamika dhidi ya mwajiri si sababu halali ya kumfukuza mtu, isipokuwa malalamiko yawe hayana msingi.

Mmoja wenu ameniuliza nje, kabla hatujaanza: na hospitali isipofanya lolote, mimi usiku wa leo nifanye nini? Mhudumie kama mgonjwa yeyote. Kukataa kumlinda mtu asitoke si kukataa kumwuguza, na ukimkwepa yeye mzigo unamwangukia mwenzako wa asubuhi. Kisha andika. Usiandike hasira, andika yaliyopo: “Ameruhusiwa na daktari Jumatano saa tano asubuhi. Amebaki wodini kwa agizo la fulani kwa sababu ya bili. Joto 38.6, kidonda kinatoa usaha, daktari wa zamu amepigiwa saa nane usiku.” Weka jina la aliyetoa agizo hata kama alilitoa kwa mdomo, na mwambie kuwa umeliweka. Ukiambiwa ulifute, liache, umwombe anayetaka lifutwe aandike chini yake kwa mkono wake.

Dakika zangu zimekwisha. Naona mhasibu mmoja ameinua mkono tangu nilipotaja nakala za faili, tuanze naye.